Picha ya Jibu Si Notsi

Wandugu, leo tuseme ukweli, na kama kuna mtu ataumia atuvumilie.

Kila jioni katika grupu zetu, kuanzia Nateete mpaka Ndeeba, Mengo mpaka Kasubi, picha zinaingia. Mtu amepiga picha ubao wa shule, mwingine daftari la rafiki, mwingine ukurasa wa kitabu ambao nusu yake iko gizani kwa sababu kivuli cha simu kimeufunika. Chini anaandika: "Swali la fizikia limefanywa, someni." Vidole gumba vinamiminika. "Asante admini." "Ubarikiwe yaya." Kisha picha inazama chini ya picha nyingine, na tunalala tukiamini tumesoma.

Hatujasoma. Tumehifadhi.

Sisi wenyewe tumefanya hivyo kwa muda mrefu, kwa hiyo hatumnyooshei mtu kidole bila kujinyooshea sisi kwanza. Lakini kuna kitu kilitokea katika grupu letu hapa Lubaga ambacho kilitufanya tuseme basi. Tutakieleza chote, pamoja na hesabu yenyewe, kwa sababu bila hesabu maneno haya yatakuwa mahubiri tu.

Dada mmoja wa S4 aliuliza swali hili: birika la umeme lenye pawa ya kilowati 2 linachemsha kilo moja na nusu ya maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100. Joto lote likiingia kwenye maji, litachukua muda gani? Swali la kawaida, liko kwenye pasti pepa kwa sura nyingi. Kaka mmoja aliyesomea Bukavu akakumbuka kwamba analo kwenye daftari lake la zamani, limefanywa na mwalimu wake. Akapiga picha, akatuma. Ukiangalia picha ile unaona hivi:

m = 1,5
c = 4,18
t1 = 20   t2 = 100
P = 2
Q = m.c.Δt = 1,5 × 4,18 × 80 = 501,6
t = 501,6 / 2 = 250,8

Na chini jibu limepigiwa mistari miwili. Kila kitu kinaonekana safi. Na tuseme wazi: mwalimu yule hakukosea hata kidogo. Jibu ni sekunde 250.8, yaani dakika 4 na sekunde kama 11. Ukiwahi kuchemsha maji kwa birika la umeme unajua kwamba hiyo ni sawa.

Sasa angalieni kilichofuata. Dada yetu alichukua picha, lakini alijua kwamba hapa Uganda pasti pepa za UCE zinaandika c ya maji ni 4200. Akafikiri, kwa akili nzuri kabisa, kwamba abadilishe namba hiyo moja tu ili ilingane na ya huku. Akaandika 1.5 × 4200 × 80, akapata 504 000. Akagawanya kwa 2 kama kwenye picha. Akapata 252 000. Picha ilikuwa inaonyesha kwamba jibu ni muda, basi akaandika sekunde.

Sekunde 252 000 ni saa 70. Karibu siku tatu za kuchemsha maji ya chai.

Mdogo wake, ambaye naye alikuwa anaangalia picha ileile kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, hakuona mkato katikati ya 1 na 5. Akaandika 15. Akapata sekunde 2508, karibu dakika 42. Huyu hakushtuka, kwa sababu nyumbani wanapikia makaa na dakika 42 kwa sufuria kubwa juu ya sigiri inaingia akilini. Na maji ya kilo 15 ni karibu jerikani nzima, haiingii kwenye birika, lakini picha haikumwambia afikirie birika. Swali lenyewe halikuwa kwenye picha.

Majibu matatu, picha moja. Na usiku ule grupu lilijaa ubishi: eti fizikia ya Kongo ni tofauti na ya Uganda, eti mwalimu wa Bukavu alikosea, eti huyu dada ahamie sanaa, sayansi haimfai. Hilo la mwisho ndilo lilituuma. Sisi ambao wengi wetu tulishushwa darasa tulipofika hapa kwa sababu ya Kiingereza, tukageuka tukaanza kushushana wenyewe. Na dada alikuwa na sababu nzuri kuliko wote waliombishia. Kilichomwangusha ni picha.

Tatizo lilikuwa nini hasa? Angalieni tena ile picha. Hakuna vizio, yaani zile yuniti. Hata kimoja. Mwalimu aliposema ubaoni pengine alivitaja kwa mdomo, lakini mdomo haupigwi picha. Ile 4,18 ilikuwa kilojuli kwa kila kilo kwa kila digrii. Ile 2 ilikuwa kilowati. Kilojuli ukiigawanya kwa kilowati unapata sekunde moja kwa moja, kwa sababu ile elfu ya juu inakatana na elfu ya chini. Mwalimu alijua hilo, ndiyo maana hakuhangaika kubadilisha. Lakini dada alipoweka 4200 aliingiza juli, siyo kilojuli. Juu kukawa na juli, chini kukabaki kilowati. Elfu haikupata mwenzake wa kukatana naye, ikabaki ndani ya jibu. Ndiyo maana jibu lake ni kubwa mara elfu. Ukigawanya 252 000 kwa elfu unapata 252, ambalo ni jibu sahihi.

Kwa hiyo alikosea sehemu moja tu, na sehemu hiyo haionekani kwenye picha. Hata angeiangalia mpaka asubuhi asingeiona, kwa sababu haiko.

Ndiyo tunasema: picha ya swali lililofanywa inaonyesha njia ya mtu aliyekwisha kufika. Haionyeshi alichokuwa anakijua kichwani. Ukitaka kitu cha kusomea lazima uigeuze kuwa notsi, na notsi ya hesabu ya fizikia ina sehemu nne: tulichopewa, fomula, kuweka namba, na jibu lenye kizio. Watu wanatuambia hiyo ni mambo ya shule ya msingi. Haya, tulifanye swali la birika hivyo, tuone kama ni mambo madogo.

Kabla ya kuandika chochote, tafuta swali. Siyo jibu, swali. Kama picha haina swali, muulize aliyetuma. Akisema hajui, picha hiyo iweke pembeni, kwa sababu huwezi kujua namba ipi ilitoka kwenye swali na ipi mwalimu aliileta mwenyewe. Ukipata swali, andika kwanza unachotafuta: hapa ni muda, kwa sekunde.

Halafu tulichopewa. Namba hizi uzitoe kwenye swali, usizinakili kutoka kwenye picha. Kila moja iwe na herufi yake, namba yake na kizio chake, na kama kizio hakiko katika msingi, kibadilishe hapohapo, usisubiri mbele:

m = 1.5 kg
θ1 = 20 °C, θ2 = 100 °C, kwa hiyo Δθ = 80 °C
P = 2 kW = 2000 W = 2000 J/s
c = 4200 J/(kg °C) (haiko kwenye swali; ni ya kwenye karatasi ya mtihani)

Mmeona tulichofanya na joto? Kwenye daftari la Bukavu joto ni t na muda pia ni t. Mwalimu hakuchanganyikiwa, lakini anayeangalia picha anaweza kusoma Δt akadhani ni tofauti ya muda. Kwenye notsi herufi moja inabeba kitu kimoja tu. Joto tukalipa θ, muda ukabaki na t.

Na ile alama ya kwamba c haikutoka kwenye swali ni muhimu kuliko inavyoonekana. Ukitumia 4,18 kilojuli unapata sekunde 250.8. Ukitumia 4200 juli unapata 252. Yote mawili ni sawa, tofauti ni sekunde moja na kidogo. Lakini kama hukuandika c uliyotumia, watu watagombana usiku mzima juu ya ile sekunde moja. Sisi tuligombana.

Sehemu ya pili ni fomula, kwa herufi tupu, kabla namba yoyote haijaingia:

Q = mcΔθ
P = Q/t, kwa hiyo t = Q/P = mcΔθ/P

Hapa ndipo mtu anaona fizikia iko wapi. Ukisoma mstari huu unaelewa: maji mengi, muda mrefu, pawa kubwa, muda mfupi. Kwenye picha jambo hili limefunikwa na namba. Na walimu wengi ubaoni wanaruka mstari huu kwa sababu wao wameshauzoea. Wewe unayegeuza picha kuwa notsi, kazi yako ni kuurudisha.

Sehemu ya tatu, kuweka namba. Hapa tunakuwa wakali: kila namba inaingia na kizio chake.

t = (1.5 kg × 4200 J/(kg °C) × 80 °C) / (2000 J/s)
t = 504 000 J / (2000 J/s)

Sasa kata vizio kama unavyokata namba. Kilo ya juu inakatana na kilo ya chini. Digrii na digrii. Juli na juli. Kinachobaki ni sekunde. Hukuambiwa na mtu kwamba jibu ni sekunde, hesabu yenyewe imekuambia. Na kama dada yetu angeandika hivi, mstari wake ungekuwa na J juu na kW chini, na J kwa kW haikatani mpaka ubadilishe. Angeona kosa kabla hata ya kushika kikokotoo.

Sehemu ya nne:

t = 252 s, yaani dakika 4 na sekunde 12.

Chini ya jibu andika sentensi moja ya kujiuliza: inawezekana? Birika la kweli litachelewa kidogo kuliko hapo, kwa sababu joto jingine linapasha birika lenyewe na jingine linapotea hewani. Kwa hiyo dakika 4 hadi 5, sawa. Dakika 42, hapana. Saa 70, hapana kabisa. Ninyi ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, mna birika ofisini. Mkitaka kutuhakikishia, pimeni kesho asubuhi.

Tunajua maneno yatakayokuja.

Wa kwanza watasema: "Mnapoteza muda. Mtihani uko karibu, picha inatosha." Tunawajibu hivi. Swali la birika tuliligeuza kuwa notsi kwa muda kama wa robo saa, pamoja na kubishana. Ule usiku wa majibu matatu tulipoteza saa mbili na bando la watu wengi, na tulilala bila jibu. Sasa ni nani anapoteza muda? Tena angalieni mtihani wenyewe unaenda wapi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza Uganda mwaka 2020, na kundi lake la kwanza lilikaa UCE mwaka 2024. Maswali yanakuja kama hadithi: kuna mtu, kuna kijiji, kuna shida, namba zimetawanyika ndani ya maneno. Kutoa namba kwenye maneno na kuzipa herufi na vizio siyo mapambo tena. Ndiyo kazi yenyewe. Picha ya jibu inakunyima hiyo kazi, kwa sababu imeshakufanyia.

Wa pili watasema: "Ukiandika upya utaleta makosa. Picha ni mwandiko wa mwalimu, ni salama." Hoja hii ina ukweli na hatutaidharau. Mtu anaweza kunakili vibaya. Kwa hiyo picha isifutwe mpaka notsi ihakikiwe. Lakini nani amesema picha ni salama? Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaandika 1 yenye mkia mrefu kwa mbele; wenzetu waliosoma huku wanaisoma 7. Tunaweka mkato pale ambapo Uganda wanaweka nukta. Ukiandika 1,500 kwa maana ya moja na nusu, mwenzako wa hapa anasoma elfu moja na mia tano. Hiyo siyo makosa ya mtu, ni mila mbili za kuandika. Mwaka 2003 mkutano mkuu wa dunia unaosimamia vipimo uliamua kwamba nukta na mkato zote zinakubalika kwa desimali, na kwamba namba ndefu zigawanywe kwa nafasi tupu, isiwekwe nukta wala mkato kwenye maelfu. Ndiyo maana juu tumeandika 504 000. Katika notsi zetu tumechagua nukta kwa desimali, kwa sababu mtihani tunaofanya uko hapa, na nafasi kwa maelfu, ili asije mtu akasoma vingine.

Herufi nazo zina mila zake. Kule volteji ni U, huku ni V. Kule uzito wa kitu ni P, huku ni W, na P ya huku inakuwa pawa au presha. Kule mwendo wa kuanzia ni v0, huku ni u. Mtu anaona kwenye picha P = m.g halafu kwenye kitabu chake anaona P = Q/t, anasema fizikia imemchanganya. Fizikia ni ileile. Picha ndiyo haitafsiri. Notsi inatafsiri, kama mwandishi ataandika kila herufi inasimama kwa nini.

Wa tatu watasema: "Yuniti ni kitu kidogo, ukikosa unapoteza alama moja tu." Tuwaambie habari ya ndege. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta ikiwa angani, njiani kwenda Edmonton. Kanada ilikuwa inahama kutoka vipimo vya zamani kwenda vya metriki, na ndege hiyo ilihesabu mafuta kwa kilo. Watu wa chini walipima lita zilizokuwa ndani ya tangi, wakazidisha kwa 1.77 ili wapate kilo. Lakini 1.77 ilikuwa paundi kwa kila lita. Kilo kwa kila lita ni kama 0.8 tu. Namba ilikuwa sahihi, kizio chake ndicho hakikuandikwa pembeni yake, na ndege ikaondoka na mafuta chini ya nusu ya yaliyohitajika. Rubani aliishusha bila injini kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi huko Gimli, na waliokuwa ndani wote walipona. Rudieni kuangalia: ni kosa lilelile la dada yetu. Namba moja imetoka mfumo mmoja, nyingine mfumo mwingine, na hakuna aliyeandika kizio kwenye mstari wa kuweka namba.

Sasa tugeuke upande wa wafadhili na wafanyakazi wa mashirika, maana na ninyi mnatusoma. Tunawaheshimu, na wengi wenu mmetulipia karo. Lakini tunaona jinsi mnavyohesabu. Mnauliza: grupu lina watu wangapi? Vifaa vingapi vya masomo vimesambazwa? Sisi tunajibu mia tatu, kwa sababu picha ni mia tatu, na ripoti inapendeza. Tulisema uongo bila kusema uongo. Katika zile picha mia tatu, tulipokaa kuzipitia, nyingi hazikuwa na swali, na kwa nyingine hata sisi tuliozituma hatukuweza kueleza namba ya pili ilitoka wapi. Tuulizeni kitu kingine: notsi ngapi zimeandikwa, na ngapi kati ya hizo zilifanywa upya na mtu ambaye hakuona picha? Na mkitaka kutusaidia, bando la kushusha picha nyingine hatulihitaji sana. Tunahitaji madaftari, vikokotoo vichache, na chumba chenye mwanga kwa saa mbili Jumamosi.

Hatusemi sehemu nne zinatosha kwa kila kitu. Grafu haigeuki kuwa mistari minne. Pale unahitaji mhimili, skeli na mteremko. Mchoro wa miale ya mwanga kwenye lenzi lazima uchorwe. Swali la jaribio, linalouliza ulifanya nini na kwa nini, linataka maneno. Na hata kwenye hesabu, notsi inakuonyesha namna, haikupi sababu. Kwa nini maji yanahitaji joto jingi kuliko chuma, hilo utalipata kwa mwalimu au kitabu. Kwa hiyo picha ya grafu tuma. Picha ya mchoro tuma. Tunachopigana nacho ni picha ya hesabu iliyofanywa, inayotumwa kana kwamba ni somo.

Kwa upande wetu tumeshaamua. Kuanzia wiki hii, katika grupu letu la Lubaga, picha ya hesabu haiingii bila swali lake lote kuonekana. Anayeituma, au yeyote mwenye nafasi, anaigeuza kuwa notsi ya sehemu nne ndani ya siku mbili. Kisha mtu wa pili, ambaye hajaona picha, anaifanya upya kwa kutumia notsi peke yake. Akifika kwenye jibu lilelile, anabadilisha namba moja, kwa mfano maji yawe 0.8 kg badala ya 1.5 kg, na anaangalia kama jibu linashuka inavyopaswa. Kwa birika letu ni 0.8 × 4200 × 80 kugawanya kwa 2000, sekunde 134 na kidogo. Maji yamepungua karibu nusu, muda umepungua karibu nusu. Hapo notsi imepita, na picha inaweza kufutwa ili simu ipumue. Ikikwama, tunarudi kwenye picha kutafuta tulipokosea, na mara nyingi ni kizio au mkato.

Ile notsi ya birika tuliiandika kwenye manila na kuibandika ukutani pale tunapokutania. Aliyeiandika ni yule dada wa S4, yule ambaye grupu lilitaka ahamie sanaa. Ndiye sasa anahakiki notsi za wengine, na ni mkali. Ukiweka namba bila kizio anairudisha kwako na swali moja tu: "Mbili ya nini?"

Wenzetu wa Makindye, Kawempe na kambini, tumeni na ninyi notsi zenu. Picha baki nazo.